Pointi 28 Zilizoninyima Uhadhiri

Wiki iliyopita binti niliyemfundisha kidato cha sita hapa Lindi alinitumia ujumbe wa wasap saa nne usiku. "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza mwaka wa kwanza hapa Mtwara, sasa nipo wa pili, GPA yangu ni 3.3. Bado nataka kuwa mhadhiri kama nilivyokuambia. Nisome saa ngapi kwa siku?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia nitamjibu kesho yake. Zilipita siku nne ndipo nikamjibu, maana swali lake lilinirudisha mahali ambapo sipendi kurudi.

Mimi pia nilitaka kuwa mhadhiri. Nilisoma ualimu, Kiswahili na Historia, katika chuo kimoja huko huko Mtwara, na nikamaliza na GPA ya 3.7. Watu walinipongeza, mama alichinja kuku wawili, na kweli lile ni daraja la pili la juu. Lakini tangazo la kazi ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vyetu vya umma hutaka GPA isiyopungua 3.8 kwenye digrii ya kwanza. Transkripti yangu ipo kwenye bahasha ya kaki chini ya nguo. Kila likitoka tangazo jipya huwa naitoa na kuisoma tena.

Nitaeleza hesabu yake, kwa sababu wanafunzi wengi wanaitaja GPA kila siku na hawajawahi kukaa chini wakaipiga kwa mkono. Digrii ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa semista. Kwetu semista ilikuwa na kozi sita za krediti 10 kila moja. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi za daraja kwa krediti za kozi, unajumlisha zote, unagawanya kwa krediti zote. Kwa hiyo kozi moja ya krediti 10 ukipata B+ inakupa pointi 40, ukipata B inakupa 30. Mtu anayeitaka 3.8 anatakiwa kukusanya pointi 1,368 katika miaka mitatu. Mimi nilikusanya 1,340. Nilipungukiwa pointi 28, na ukipandisha kozi tatu daraja moja moja unapata 30.

Najua hasa zilipopotelea. Zilipotea semista ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kabla sijajua hata maktaba inafungwa saa ngapi.

Chuo kilifunguliwa wakati wa korosho. Kwetu ni Newala, na mwenye asili ya huku anaelewa msimu ukianza nyumba nzima inahamia shambani. Mama alikuwa peke yake. Kila Ijumaa jioni nilipanda gari kwenda nyumbani, Jumamosi na Jumapili tunaokota, tunaanika, tunachambua na kufunga magunia ya kupeleka chama cha msingi, Jumatatu alfajiri narudi nimechoka, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Sijutii kumsaidia mama. Ninachojutia ni kwamba sikuwahi kumwonyesha ratiba ya tesiti. Angeniambia nisije wikiendi mbili zile, ninamjua. Mimi nilidhani mwaka wa kwanza ni wa kuzoea chuo, na kwamba kusoma kwenyewe kutaanza mwaka wa pili.

Kozi ya Taaluma za Maendeleo tulikuwa tunaidharau kwa sababu inasomwa na kila mtu. Nilidesa usiku mmoja kwa karatasi za kutoa kopi za kaka zetu. Kozi weki nikapata 17 kati ya 40, mtihani wa mwisho 18 kati ya 60. Jumla 35, sapu. Nikarudia mtihani nikafaulu vizuri tu, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyeniambia wiki ya kupokea wageni: sapu hata ukiandika majibu ya ajabu, unapewa C, basi. Pointi 20 badala ya 40 ambazo zilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Kozi ya pili inaniuma zaidi, maana niliipenda. Fonolojia ya Kiswahili. Kwenye tesiti tuliulizwa kwa nini wingi wa ulimi ni ndimi. Nikaandika mifano, ulimi na ndimi, mrefu na ndefu, nikajaza ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri. Mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja: "Kwa nini?" Nilikuwa nimekariri mifano ya kwenye desa na sikuwa na kanuni yake, kwamba nazali n ikikutana na l au r, hiyo l au r hugeuka d. Nilipata 22 kati ya 40. Mtihani wa mwisho nikajikaza nikapata 37. Jumla 59, na B+ kwetu ilianzia 60. Alama moja ilinichukulia pointi 10.

Ishirini za sapu na kumi za ile alama moja ndizo hizo 30. Semista nne za mwisho nilipambana mpaka ya sita nikafikisha 4.3, na bado sikuzifidia.

Sasa kuhusu saa. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndivyo mfumo wa vyuo vyetu chini ya TCU unavyohesabu. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Darasani ukikaa saa tatu kwa wiki kwa wiki 15 umetumia 45, zinazobaki 55 ni zako mwenyewe pamoja na kazi ulizopewa. Hizo ni kama saa tatu na dakika 40 kwa wiki kwa kila kozi, na kwa kozi sita ni saa zipatazo 22 kwa wiki. Nilipoijua hesabu hii mwaka wa pili nilichukua daftari nikaandika saa zangu za kweli kwa wiki moja. Zilikuwa tisa. Nilikuwa naenda maktaba kila siku na najiona msomi, kumbe ukitoa simu, soga na kutafuta pa kukaa, kwa wiki nzima zinabaki tisa.

Lakini saa peke yake haziongezi alama kama unasoma jinsi nilivyokuwa nasoma. Kilichonibadilisha ni lile neno jekundu. Kuanzia semista ya tatu, siku hiyo hiyo ya kipindi, jioni, nilifunga daftari na kuandika kwenye karatasi tupu kila nilichokumbuka, na kila kanuni niliiandikia "kwa nini?" pembeni kabla mtu mwingine hajaniandikia. Kisha nafungua daftari na kuangalia palipo na pengo. Hapo unajua kabisa usichokijua, tofauti na kusoma kurasa zile zile mara nne mpaka zinakuwa na sura ya kufahamika. Na kila Jumapili nilijibu swali moja la mtihani wa miaka ya nyuma kwa dakika 45, kwa kalamu, kwa sababu mtihani wetu ulikuwa wa saa tatu na maswali manne. Mara ya kwanza dakika ziliisha nikiwa kwenye utangulizi. Niliogopa sana siku ile.

Na kama unataka uhadhiri, mambo hayo mawili ndiyo kazi yenyewe ya mhadhiri: kueleza sababu na kuandika. Nikaongeza la tatu. Kwenye diskasheni niliomba niwe ninayesimama ubaoni, hata kwa mada niliyoiona ngumu, na wenzangu wakiniuliza swali nikashindwa, naliandika. Wikiendi za Newala nikaanza kubeba kijidaftari kidogo. Nikiwa na mama tunachambua korosho, namwomba atamke maneno ya Kimakonde, nayaandika. Kimakonde ni lugha ya toni, na irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho inavutwa. Mama alikuwa anaivuta na mimi napiga mstari chini yake. Kijidaftari hicho ndicho kilichokuja kuwa utafiti wangu wa mwaka wa tatu, nikapata A, wakati wenzangu walikuwa ndio kwanza wanatafuta mada. Hilo naona fahari nalo mpaka leo.

Turudi kwa binti yangu. Ana pointi 400 kwa krediti 120. Anahitaji 968 kwenye kozi 24 zilizobaki. Akipata B+ kwenye zote anafikisha 960, kwa hiyo anahitaji B+ zote na A moja. Akipata B mahali, lazima ailipe kwa A nyingine. Sapu moja inalipwa kwa A mbili. Nilimwandikia hivyo hivyo, nikamwambia abandike karatasi hiyo ukutani na kila matokeo yakitoka apige hesabu upya: 1,368, toa ulizonazo, gawanya kwa krediti zilizobaki. Jibu likivuka 4.5 ni vizuri kuanza kuiangalia njia nyingine mapema. Nisimfiche pia kwamba shahada ya uzamili haiifuti 3.7. Tangazo la mhadhiri msaidizi hutaka 4.0 ya uzamili, na ile 3.8 ya digrii ya kwanza bado wanaiulizia.

Kisha kozi weki. Ukiingia mtihani wa mwisho na 30 kati ya 40, B+ inakudai nusu tu ya mtihani, 30 kati ya 60. Ukiingia na 20, inakudai 40 kati ya 60, theluthi mbili nzima, tena kwenye wiki ambayo una mitihani sita. Kwa hiyo semista inaamuliwa kwenye tesiti ya kwanza, wiki ya tano au ya sita, wakati bumu limetoka na ufukweni Shangani kuna upepo mzuri na hakuna anayefikiria mtihani. Wadogo zangu, semista inapotea hapo, na anayeipoteza hasikii chochote mpaka matokeo yatoke.

Alinijibu usiku ule ule: "Mwalimu, tesiti ya kwanza ni Jumatatu, na bibi ameniita shamba Jumamosi." Nikampigia simu. Tulikubaliana kwamba ampigie bibi kabla ya kulala, amtajie tarehe ya tesiti, na amwambie wikiendi inayofuata atakwenda Ijumaa na kubaki mpaka Jumapili. Asubuhi nilikuta ujumbe wake: bibi amesema asome, na akienda asisahau sukari.