Dawa ya kipandauso umeze saa ngapi

"Mimi huvumilia kipandauso mpaka kizidi kabisa ndio nimeze dawa, lakini siku hizi hata haisaidii. Nibadilishe dawa?"

Dadangu, kabla ubadilishe dawa badilisha saa ya kuimeza. Kipandauso kikishika, tumbo nalo linapunguza mwendo, so kidonge ulichomeza maumivu yakiwa juu kinakawia tu hapo tumboni badala ya kushuka kwa utumbo mahali kinaingia kwa damu. Halafu kuna neva. Maumivu yakiachwa saa moja ama mbili hivi, neva za kichwa zinaamsha zile za ndani ya ubongo na hizo zikishaamka zinaendelea zenyewe. Utajua umefika hapo ukichana nywele ngozi ya kichwa inauma, ama hata miwani inakuumiza. Saa hiyo hata sumatriptani, dawa maalum ya kipandauso, mara nyingi haimalizi maumivu.

Sasa sema uko kwa mat ya Rongai saa moja jioni, upande mmoja wa kichwa umeanza kugonga kidogo na taa za magari zinakusumbua. Meza ibuprofeni miligramu 400 hapo hapo na maji, usingoje ufike nyumbani. Kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo ama mimba, ibuprofeni wacha kwanza uongee na daktari.

Na tafadhali andika kwa kalenda kila siku umemeza. Ibuprofeni ikifika siku 15 kwa mwezi, ama sumatriptani siku 10, miezi kadhaa mfululizo, dawa yenyewe inaanza kuleta maumivu ya kichwa, so ukikaribia hapo enda kliniki uulizie dawa ya kuzuia.