Gata la bati, pembe ipi inabeba maji mengi

"Bati upana sm 30, nakunja sehemu 3 za sm 10 kila moja, mbavu nizilaze pembe gani gata lichukue maji mengi?"

Sheikh, mbavu ukizisimamisha wima unapata sm² 100 tu. Chukua θ ni kiasi unachoinua ubavu kutoka chini, kimo kinakuwa 10 sin θ na mdomo unatanuka, 10 + 20 cos θ, kwa hivo eneo ni

A = 100 sin θ (1 + cos θ)

Ukidifarenshieti ukaweka sifuri inakuja 2cos²θ + cos θ − 1 = 0, cos θ = −1 itupe, hapo bati limejikunja lote halina eneo, inabaki 1/2, yaani 60°, karibu sm² 130. Lakini mwambie fundi vizuri, pembe ya ndani baina ya kitako na ubavu ni 120°, akikunja 60° kwa ndani mbavu zinakutana juu, mdomo unafunga kabisa na mvua yote ya masika inamwagika nje.