Asidi ya bempedoiki na maumivu ya misuli

"Mamangu alipewa statini mbili tofauti za kushusha kolesteroli, mapaja yakamuuma hata kupanda kutoka feri ya Likoni akashindwa. Hii asidi ya bempedoiki haitamuumiza vilevile?"

Mpe pole mama, dadangu. Uwezekano ni mdogo. Dawa hii humezwa ikiwa imelala. Kimeng'enya cha ini ndicho huiamsha, na misuli ya miguu haina kimeng'enya hicho. Ikiamka, hukata utengenezaji wa kolesteroli mapema kuliko statini, basi ini huvuta zaidi ile mbaya kutoka kwenye damu. Dozi ni miligramu 180 mara moja kwa siku, na huishusha kolesteroli hiyo mbaya kwa takriban asilimia 20 tu.

Mimi nahofia zaidi jongo, maana dawa hii hupandisha asidi ya yuriki inayoleta jongo kwenye viungo. Kama kidole gumba cha mguu kimewahi kumvimba na kumuuma usiku, daktari aambiwe kabla hajaanza.