Mkataba Uliisha Tarehe Yake: Uandike Hivyo Kwenye Wasifu

Kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye meza ya kuchuja maombi ya kazi za miradi hapa Dar es Salaam, na mimi mwenyewe nimeishi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kwenye meza hiyo kuna swali linalojirudia: "Huyu mbona hatulii?" Mara nyingi anayesemwa hajaacha kazi yoyote. Mikataba yake iliisha tu, ila wasifu wake haukusema.

Binti mmoja wa ukoo wetu aliniletea wasifu wake ulioandikwa hivi:

> Ofisa Mradi, 2023–2024
> Ofisa Lishe, 2021–2023
> Mtarajali, 2021

Msomaji asiyemjua ataona kazi tatu ndani ya miaka minne. Tena "2023–2024" inaweza kuwa miezi miwili, Desemba na Januari, au karibu miaka miwili kamili. Mchujaji mwenye bahasha nyingi mbele yake hana muda wa kukudhania mema.

Nikamwomba mikataba yenyewe, tukaandika upya:

> Ofisa Mradi (mkataba wa miezi 15, hadi mwisho wa mradi), Oktoba 2023 – Desemba 2024
> Ofisa Lishe (mkataba wa mwaka 1, ukaongezwa mwaka 1), Septemba 2021 – Agosti 2023
> Mtarajali (mafunzo ya miezi 6), Januari – Juni 2021

Hatukuongeza sentensi ya kujieleza. Aina ya mkataba na urefu wake vimekaa pembeni ya cheo, miezi imetajwa, na yeyote anayejua kuhesabu ataona kwamba muda uliopangwa na muda uliofanyiwa kazi ni sawasawa. Hiyo inatosha kuliko kuandika "niliondoka kwa sababu mkataba uliisha", maana sentensi ya namna hiyo humfanya msomaji ajiulize kwa nini unajitetea. Wasifu wa Kiingereza hufuata mpangilio uleule.

Angalieni mstari wa pili, ndio wenye nguvu kuliko yote. Mwajiri aliyeongeza mkataba amekwisha kukusifia bila barua. Nashangaa wengi huficha jambo hili, wakaunganisha miaka miwili kana kwamba ulikuwa mkataba mmoja.

Pengo la Julai na Agosti 2021 nalo likapoa lenyewe. Mafunzo yaliisha Juni, akatafuta kazi, akapata Septemba. Hakuna cha kueleza.

Kazi ambazo kila mtu anajua zina mwisho hazihitaji hata mabano. Aliyekuwa karani wa Sensa ya 2022 haulizwi kwa nini aliacha. Daktari tarajali naye haulizwi.

Fomu za maombi ni habari nyingine, kwa sababu baadhi zina kisanduku cha sababu ya kuacha kazi. Hapo jibu kwa mstari mmoja: "Mkataba uliisha 31 Desemba 2024 kama ulivyopangwa." Usiandike "mkataba ulisitishwa". Kwa ofisa utumishi, kusitishwa ni kukatwa kabla ya wakati, na ataanza kutafuta kosa lako.

Lakini kama kweli ulikatwa kabla ya wakati, usiuvike nguo za mkataba uliotimia. Mfadhili akijitoa mwezi wa tisa kwenye mkataba wa miezi 12, andika "mkataba wa miezi 12, mradi ulifungwa mapema, Septemba". Mdhamini wako akipigiwa simu atataja mwezi, na tarehe zikipishana hutapata nafasi ya kufafanua.

Tarehe hizo zote zisitoke kichwani. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma, na mkataba kuisha muda wake ni kukoma pia. Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka cheti kama hicho, chenye tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi, isipokuwa kwa aliyefanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Kiombe wiki ya mwisho ungali na kitambulisho cha ofisi, kwa sababu mradi ukifungwa, ofisa utumishi naye huwa anafunga virago. Cheti kikichelewa, nakili ukurasa wa mkataba wenye tarehe na ule wenye saini, pamoja na barua ya nyongeza kama ipo, uvihifadhi kwenye barua pepe yako binafsi. Ile ya ofisi hufungwa siku ileile mkataba unapoisha.