F2 inapoandika 12: Home, End na vitufe vya F kwenye seva ya mbali

Mgeni kwenye kazi ya kuhudumia seva atakutana na malalamiko haya mapema: mtu ameingia kwenye seva kwa PuTTY, anabonyeza Home au F2, na badala ya kitufe kufanya kazi yake zinatokea alama kama `[1~` au `[12~`. Kabla hujamwambia abadilishe kibodi, muulize swali moja tu: F5 je?

Nitaeleza kwa kisa cha ghala moja la mahindi Kibaigwa, barabara ya Morogoro. Karani wao hutumia kompyuta ya Windows na PuTTY kuingia kwenye seva iliyoko Dodoma mjini, ambako kuna programu ya zamani ya kupokea mizigo, ile ya skrini ya maandishi matupu isiyojua kipanya. F2 hufungua orodha ya wakulima, F5 huhifadhi. Siku kompyuta yake ilipobadilishwa akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine yenu mpya inaniongezea magunia. Nimeandika 340, nikabonyeza F2, ikawa 34012."

Alikuwa anaeleza kitu sahihi kabisa. Kitufe cha F2 hakisafiri kwenda kwenye seva kama kitufe, kwa sababu mstari wa SSH unabeba herufi tu. PuTTY hukigeuza kuwa mfuatano wa herufi unaoanza na Esc, na kama mipangilio yake haijaguswa, F2 hutoka hivi: Esc, `[`, `1`, `2`, `~`. Programu ikiutambua mfuatano huo husema "hii ni F2". Isipoutambua, huzipokea herufi hizo moja moja kana kwamba karani amezichapa kwa mkono. Kisanduku cha magunia kinakubali tarakimu pekee, basi kikatupa Esc, mabano na kiwimbi, kikabaki na 1 na 2. Home kwenye kisanduku hicho hicho ingeongeza 1, na End ingeongeza 4. Programu nyingine huona Esc ya mwanzo na kufunga fomu nzima bila kuhifadhi.

Sasa kwa nini programu haikuutambua? Kwa sababu inauliza jina la terminali, si terminali yenyewe. Unapoingia, PuTTY huituma seva jina lililoko kwenye mipangilio yake, na jina la kawaida ni `xterm`, ambalo ni la terminali nyingine. Programu hufungua kumbukumbu za terminfo na kusoma xterm hutuma nini kwa kila kitufe. PuTTY inajitambulisha kwa jina la mwenzake, lakini vitufe kadhaa inavituma kwa namna yake. Usiniamini mimi, angalia mwenyewe. Kaa kwenye mashine ya mlalamikaji, ingia kwenye seva, andika `cat -v`, kisha bonyeza F2, Home na End:

```
^[[12~^[[1~^[[4~
```

Alama `^[` ndiyo Esc. Toka kwa Ctrl+C, halafu uliza seva inategemea nini:

```
echo $TERM
xterm
infocmp -1 xterm | grep -E 'kf2=|khome=|kend='
	kend=\EOF,
	kf2=\EOQ,
	khome=\EOH,
```

Hapa `\E` ni Esc ile ile. Seva inasubiri Esc, O, Q, inaletewa Esc, [, 12, ~. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu kinacholingana. Ukiendelea kulinganisha utaona kwamba tofauti kwenye vitufe vya F ni F1 hadi F4 tu. F5 ni `\E[15~` pande zote mbili, na kuanzia hapo wanakubaliana (F6 ni 17, usishangae, 16 imerukwa). Ndiyo maana ya swali langu la mwanzo. F5 ikifanya kazi huku F1 hadi F4 zikigoma, kibodi ni nzima na tatizo ni jina. Zikigoma zote, tafuta kwingine.

Angalizo kabla hujajiamini kupita kiasi: terminali inayofuata xterm kikamilifu, ukiipima kwa `cat -v`, Home yake itaonyesha `^[[H` ilhali infocmp inasema `\EOH`. Hilo si kosa. Programu za skrini nzima huiamuru terminali ibadili hali ya vitufe zinapoanza, na terminfo inaeleza hali hiyo. `cat` haitoi amri hiyo.

Dawa ninayoipendelea ni kuifanya PuTTY itaje jina lake. Jaribu kwanza bila kubadilisha chochote cha kudumu, ukiipa programu jina hilo kwa safari moja tu:

```
TERM=putty-256color less /etc/services
```

Bonyeza End. Ikiruka hadi mwisho wa faili, umepata jibu. Sasa fungua PuTTY, chagua jina la seva uliyoihifadhi, bonyeza Load, nenda Connection, kisha Data, na kwenye Terminal-type string futa `xterm` uandike `putty-256color`. Rudi Session ubonyeze Save. Hatua hii ya Save ndiyo inayosahauliwa, na kesho yake simu inapigwa tena. Jina hutumwa wakati wa kuunganishwa, kwa hiyo dirisha lililo wazi halitabadilika mpaka mtu atoke na kuingia upya.

Seva isipolijua jina hilo, programu itakataa kufunguka na kusema `Error opening terminal: putty-256color.` Kwenye Ubuntu na Debian, kifurushi cha `ncurses-term` kinaleta jina hilo. Kama huna ruhusa ya kusakinisha, chukua maelezo kutoka seva nyingine inayolijua, uyapeleke kama faili:

```
infocmp -x putty-256color > putty.ti
tic -x putty.ti
```

Amri ya kwanza ni ya seva inayolijua, ya pili ni ya seva isiyolijua. `tic` ikikosa ruhusa ya kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo itaweka maelezo ndani ya `~/.terminfo`, nayo yatakutosha wewe peke yako.

Kuna njia nyingine: Terminal, Keyboard, kisha uchague Xterm R6 kwa vitufe vya F. Inatengeneza F1 hadi F4 huku jina likibaki `xterm`. Ila Home na End zinabaki palepale, na chaguo la rxvt lililo kwenye ukurasa huo haliziokoi, kwani End yake hutoka `\EOw`, ambayo xterm haiijui.

Utasikia mtu akibisha: "Mbona kwenye bash Home inafanya kazi?" Kweli, kwa sababu Ubuntu na Debian zimeandika `\e[1~` na `\e[4~` ndani ya `/etc/inputrc`. Lakini mtumiaji akitengeneza `~/.inputrc` yake, bash inaacha kuisoma ile ya mfumo, na Home inaanza kuchapa kiwimbi. Mstari mmoja juu kabisa ya faili lake unamaliza kesi:

```
$include /etc/inputrc
```

Mwisho, usiweke `export TERM=putty-256color` ndani ya `.bashrc` ili kukwepa kuzunguka kwenye kila kompyuta. Mtu akifungua tmux, ambayo ni terminali inayoendeshwa ndani ya seva yenyewe, anayeongea na programu ni tmux, si PuTTY tena, na tmux hutuma F2 kama `\EOQ`. Ukilazimisha jina la PuTTY humo ndani, umerudisha tatizo lile lile likiwa limegeuzwa kichwa chini. Ndani ya tmux, `echo $TERM` inatakiwa ianze na `screen` au `tmux`. Ikisema vinginevyo, tafuta mstari huo wa export na uufute.