Simu, Meseji na Malipo: Vipangie Saa Zake

Nilianza ukarani wa hesabu katika duka la jumla la vifaa vya umeme hapa Mwanza, na kazi iliyonitesa kuliko zote ilikuwa usuluhishi wa benki. Unaweka taarifa ya benki upande mmoja na daftari la fedha upande mwingine, unapita mstari kwa mstari, ukitia alama kila kiasi kinacholingana. Mwezi mmoja nilibaki na tofauti ya shilingi 18,000 nikaitafuta siku mbili nzima. Mhasibu mkuu alipokuja aliigawa kwa 9, akapata 2,000 kamili, akaniambia, "Tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi." Tukaikuta: benki ilionyesha 486,000, mimi nilikuwa nimeandika 468,000. (Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, si lazima iwe hivyo, lakini hapo ndipo pa kuanzia.)

Nilipouangalia vizuri ule mstari nikakumbuka siku niliyouandika. Nilikuwa nimesoma kiasi, simu ikaita, nikaongea na dereva, nikarudi na namba ikiwa imebaki nusunusu kichwani. Mkono haukuwa na kosa lolote. Ninachotaka kukueleza wewe unayeanza kazi ya ofisi ni namna nilivyozitenga simu, meseji na malipo zikawa na saa zake, na hasa yale yaliyonishinda njiani.

Kabla ya kupanga saa yoyote, hesabu kwanza. Siku tatu mfululizo niliweka karatasi mezani, kila kilichonitoa kwenye kazi nikakichorea mstari na kuandika saa. Siku ya pili peke yake ilikuwa na mistari 41. Nilidhani wateja ndio wengi. Kumbe simu za wateja zilikuwa 9 tu. Zilizobaki zilikuwa meseji za kwenye makundi ya WhatsApp, wenzangu wakiulizia kama fulani amelipwa, wasambazaji wakikumbushia ankara zao, na mimi mwenyewe nikishika simu bila kuitwa na mtu. Karatasi ikanionyesha jambo jingine: wateja walikuwa wanapiga zaidi kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu, baada ya kufungua maduka yao na kuona kilichopungua. Kama ningejipangia simu saa mbili asubuhi, kwa kuwa ndivyo inavyopendeza kwenye ratiba, ningekuwa napiga kwa watu ambao bado wako njiani.

Basi nikachagua nyakati tatu: saa nne na nusu asubuhi, saa nane mchana, na saa kumi na nusu. Ya kwanza dakika 40, mbili zilizofuata dakika 30 kila moja. Saa mbili hadi saa nne na nusu ikabaki ya usuluhishi na kuingiza ankara. Huo ndio muda ambao kichwa changu kiko safi, kwa hiyo nilikubali kuachia simu za mapema za wateja zijikusanye mpaka mwisho wake. Wewe karatasi yako inaweza kukuambia tofauti kabisa.

Ndani ya zamu moja kuna mpangilio, na mimi nilichelewa kuujua. Anza na simu, kisha meseji. Mwanzoni nilikuwa nafanya kinyume chake kwa sababu meseji ni rahisi. Matokeo yake nilikuwa napiga simu dakika za mwisho, watu watano hawapokei, halafu wananipigia wote nikiwa nimesharudi kwenye daftari. Ukianza na simu, asiyepokea anapata nafasi ya kukurudia ungali kwenye zamu hiyo hiyo. Wakati huo wewe unajibu meseji. Zikibaki dakika tano unawapigia tena waliokosekana, na ambaye bado hapokei unamwandikia: "Nilikutafuta kuhusu nyaya za 2.5, nitakupigia tena saa nane." Sentensi hiyo inapunguza simu za kurudishwa kuliko jambo lolote nililojaribu, maana mtu akishajua unachotaka na saa utakayompigia hana sababu ya kuhangaika. Mara nyingi hata hujibu kwa meseji na suala likaishia hapo.

Malipo nayo ni habari nyingine, naomba uyape uzito wake. Simu ukiijibu vibaya utaomba radhi. Pesa ikienda kusikotakiwa unaweza usiione tena. Kwa hiyo malipo yalipata zamu moja tu kwa siku, saa nane mchana, na sikulipa kitu chochote kwa sababu tu meseji imeingia. Anayetaka kulipwa aliingia kwenye orodha yenye jina, namba ya akaunti au ya simu, kiasi, sababu, na sahihi ya bosi. Namba niliinakili kutoka kwenye ankara au kwenye kumbukumbu zetu za msambazaji, kamwe si kutoka kwenye meseji ya siku ile. Wakati wa kulipa nilisoma jina linalojitokeza kwenye skrini na kulilinganisha na orodha, ndipo naweka namba ya siri.

Unaijua ile meseji ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii." Inawanasa watu waliomo katikati ya mambo kumi, ambao kweli kuna hela walikuwa wanataka kutuma. Asubuhi moja ilinikuta nikiwa na deni halisi la fundi wa kufunga rafu. Zamani ningetuma papo hapo. Siku hiyo niliiandika kwenye orodha pembeni ya jina la fundi, na saa nane nilipofungua kumbukumbu zake namba zikawa hazifanani. Nilimpigia fundi kwa namba yake ya siku zote. Hakuwa ametuma meseji yoyote. Hapo ndipo niliposadiki kwamba kuchelewesha malipo kwa muda wa saa nne ni ulinzi, kwani tapeli anategemea haraka yako.

Kwa nini saa nane na si jioni? Kwa sababu muamala unaweza kugoma, mtandao unaweza kusumbua, au ukakosea tarakimu. Ukiwa bado na saa mbili au tatu za kazi, unawahi kupiga huduma kwa wateja kuomba muamala uzuiwe kabla mpokeaji hajautoa, na unawahi kuingia benki. Tena malipo yakikaa pamoja unaona yanayoelekea kwa mtu mmoja: ankara tatu za msambazaji yule yule zinaweza kwenda kwa muamala mmoja, na kwa kuwa makato hukatwa kwa kila muamala, kwa kawaida unaokoa kitu. Mwandikie tu ni ankara zipi, la sivyo utaanza kupigiwa simu za kuuliza. Yenye tarehe ya sheria niliyaandika kwenye orodha mapema, siku nne au tano kabla: kodi ya mishahara kwa TRA haivuki tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT haivuki tarehe 20. Ukisubiri siku yenyewe, zamu ya saa nane itakuwa imekuponza.

Sasa suala la dharura, ambalo bosi atakuuliza kabla hujamaliza kueleza mpango wako. Tulikuwa na malori mawili yaliyokwenda Sengerema na Geita, na enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa. Dereva akikwama kwenye foleni ya kivuko au akiombwa karatasi barabarani, hawezi kungoja saa nane. Niliweka simu kwenye hali ya Usinisumbue na kuruhusu namba nne tu: bosi, madereva wawili, na shule ya mwanangu. Kwenye simu nyingi za Android kuna pia mpangilio wa kumruhusu apigaye mara ya pili ndani ya dakika 15. Uwashe. Mgeni mwenye shida ya kweli atapiga tena na simu italia, na mwenye jambo la kawaida ataandika meseji.

Lakini usizime kila kitu kwa siku nzima. Nilijaribu wiki moja nikawa nachungulia simu kwa wasiwasi kuliko awali. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2019, uliowagawa watu 237 katika makundi. Waliopokea taarifa za simu zao kwa mikupuo mitatu kwa siku walieleza kuwa wametulia na kuwa makini zaidi. Walionyimwa taarifa kabisa walipata wasiwasi na hofu ya kupitwa. Waliopokea kila saa hawakupata nafuu ya maana. Nami kwenye meza yangu niliyaona yale yale.

Wiki ya kwanza itakuwa mbaya, na kosa huwa moja: watu hawajui saa zako. Mimi sikumwambia mtu, nikadhani watazoea. Siku ya tatu msambazaji mmoja alimpigia bosi akilalamika kwamba simpokelei. Ilibidi nimpigie mwenyewe: "Shikamoo mzee, samahani. Asubuhi nakuwa kwenye hesabu, lakini saa nne na nusu nitakupigia kila siku unapokuwa na jambo." Alijibu, "Marahaba mwanangu, mimi nilitaka tu kujua nikutafute saa ngapi." Kuanzia hapo niliandika saa hizo kwenye maelezo ya WhatsApp ya ofisi na kuzibandika ukutani. Kipimo changu cha kujua kama mpango unakwenda vizuri ni idadi ya simu zinazomfikia bosi badala yangu. Zikiongezeka, ama saa zangu hazijulikani ama hazijakaa mahali pake.

Dalili nyingine ni zamu inayofurika. Dakika 30 zikiwa 60 siku tatu mfululizo, angalia ni kitu gani kimejificha humo kinachojifanya kidogo. Kwangu yalikuwa madai ya bidhaa zilizovunjika. Kila moja ilianza kama meseji na kuishia kwenye kutafuta ankara, picha na barua. Niliyatoa kwenye zamu, nikayapa Alhamisi mchana. Nawe kama umekaa mapokezi au kaunta, usijaribu mpango huu kwa watu wanaosimama mbele yako. Aliyekuja kwa miguu anahudumiwa alipofika.

Jambo la mwisho nililojifunza lilikuwa penseli. Saa nne na nusu ikifika, kabla sijashika simu, nilikuwa naandika pembeni mwa daftari: "Nimeishia mstari wa 63, hundi ya tarehe 14 bado haijaonekana benki." Nilipokuwa siandiki, nilirudi mezani nikapoteza dakika kumi nikitafuta nilipokuwa, na sehemu ya akili yangu ilibaki kwenye daftari huku nikiongea na wateja. Nikishaandika, nageuza karatasi na kupiga simu ya kwanza.