Mpira Ukiwa Juu Kabisa: Namna ya Kujua Kama Somo la Video Limekuingia

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kondoa anayejiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Baada ya kunipa shikamoo aliandika hivi: “Mwalimu, masomo yote ya mwendo nimeyatazama kwenye simu, mengine nimeyarudia, na kila ninapotazama ninaelewa vizuri kabisa. Lakini nikipewa swali hata pa kuanzia sipaoni. Je, akili yangu ina kasoro?”

Akili yake haina kasoro yoyote. Ninafundisha fizikia ya sekondari kwa njia ya tuisheni hapa Dodoma, na wanafunzi wanaonijia wakiwa na malalamiko ya namna hii ni wengi kuliko wale wanaosema kwamba hawakuelewa. Nimeamua kumjibu kwa urefu, kwa kutumia mada moja tu, kwa sababu ndani ya mada hiyo moja ugonjwa wote unaonekana.

Chukua somo la kitu kinachorushwa wima kwenda juu. Mwalimu wa kwenye video anarusha mpira wa gramu 200 kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, anaandika v = u - gt, anachukua g kuwa 10, na anaonyesha kwamba kasi inafika sifuri baada ya sekunde 2 na kwamba kimo cha juu kabisa ni mita 20. Kila mstari unatokana na uliotangulia. Mtazamaji anaafiki mstari wa kwanza, anaafiki wa pili, na anapofika mwisho anahisi kwamba hesabu yote ni yake. Kwa kweli alichofanya ni kuthibitisha kwamba kila hatua ni sahihi, kazi ambayo ni tofauti na kuamua hatua ipi ifuate. Uamuzi wa kutumia kanuni ile na si nyingine, uamuzi wa kuhesabu kwenda juu kuwa chanya, na uamuzi wa kuweka v sawa na sifuri palepale na si mahali pengine, yote hayo yalifanywa na mwalimu kabla kamera haijawashwa. Kwenye chumba cha mtihani, maamuzi hayo ndiyo swali lenyewe. Ndiyo maana kijana wangu haoni pa kuanzia: hajawahi kuanza hata mara moja.

Lakini hilo ni tatizo jepesi, nalo mtu huligundua mwenyewe akipewa swali. Lililo zito zaidi ni lile lisilojitokeza hata ukikokotoa ukapata jibu sahihi.

Wanafunzi wakishatazama somo hilo na wakishapata sekunde 2 na mita 20, huwapa karatasi tupu na kuwaambia wachore mpira ule katika sehemu tatu: ukiwa unapanda, ukiwa juu kabisa, na ukiwa unashuka. Kisha wachore mishale ya kani zote zinazouathiri mpira baada ya kutoka mkononi, tukiupuuza ukinzani wa hewa. Walio wengi, pamoja na wale wenye alama nzuri, huchora mshale wa kwenda juu wakati mpira unapanda na kuueleza kuwa ni “nguvu ya mkono”. Juu kabisa hawachori mshale wowote, au huchora miwili iliyo sawa, mmoja juu na mmoja chini. Mshale wa chini peke yake huonekana tu mpira unaposhuka.

Jibu sahihi ni mshale uleule katika picha zote tatu: kani moja, ya kwenda chini, yenye ukubwa wa nyutoni 2, kwa kuwa F = mg, gramu 200 ni kilogramu 0.2, na 0.2 mara 10 ni 2. Mkono ukishaachia, hauna tena chochote cha kuufanyia mpira. Mpira unaendelea kupanda kwa sababu tayari una kasi, na kani ya uvutano inaipunguza kasi hiyo kwa mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Juu kabisa kasi ni sifuri, lakini kani si sifuri. Kama kani ingekuwa sifuri pale, mpira usingekuwa na sababu ya kurudi, ungebaki ukining'inia hewani.

Mwalimu wa kwenye video aliyasema hayo yote, tena kwa ufasaha, na wanafunzi waliyasikia. Yalikwenda wapi?

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa karibu ni Derek Muller, katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, aliouwasilisha mwaka 2008. Aliwapa wanafunzi video za fizikia za aina mbalimbali. Waliotazama maelezo mafupi, safi na yaliyonyooka walisema yalikuwa wazi na rahisi kueleweka, lakini walipopimwa, majibu yao yalikuwa yamebadilika kidogo sana. Waliotazama video ambamo mtu anatoa kwanza wazo potofu, kisha linajadiliwa na kuvunjwa, waliona somo linachanganya na linawachosha akili, na hao ndio waliofanya vizuri zaidi. Wengine katika kundi la kwanza waliamini kwamba video ilikuwa imesema kile walichokuwa wanakiamini tangu zamani. Kwa maneno mengine, mtu anayeingia kwenye somo akiwa na “nguvu ya mkono” kichwani hasikii kwamba anapingwa. Anasikia maneno kani, mpira na juu, maneno anayoyafahamu, na kule kuyafahamu anakuhesabu kuwa ni kuelewa.

Napenda niseme hapa jambo ambalo bado linaniuma. Kituo kimoja nilichokuwa nikifundisha kilinitaka niache zoezi la karatasi tupu, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakitoka darasani wakisema kwamba hawaelewi, ilhali kwenye chumba cha jirani, kulikokuwa na skrini kubwa na masomo yaliyopangwa vizuri, walikuwa wakitoka wanatabasamu. Wazazi wawili watatu waliwahamisha watoto wao. Niliondoka mimi na karatasi zangu, na baadhi ya wale waliobaki nami leo wako vyuoni, mmoja akisomea ualimu wa fizikia. Sisemi hivyo ili kumtambia mtu. Nasema kwa sababu mzazi anayemuuliza mtoto jioni “umeelewa?” anapima hisia, na hisia hiyo huwa juu zaidi palepale ambapo somo lilikuwa laini zaidi.

Sasa, namna ya kujipima.

Kwanza, usijipime video inapokwisha. Wakati huo maneno ya mwalimu bado yanasikika kichwani, na unachokisoma ni mwangwi wake. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo lilihusu matini ya kusoma na si video, lakini linatuhusu moja kwa moja. Kundi moja lilisoma matini katika vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha likatumia vipindi vitatu kuandika kila walichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83 na wenzao asilimia 71. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Yaani anayejipima papo hapo anaweza kuona kwamba kurudia video ndiyo njia bora, na kipimo chake kikawa kinamdanganya. Lala kwanza. Kesho yake, kabla hujagusa simu wala daftari, chukua karatasi, chora zile picha tatu, na kando ya kila mshale andika kitu gani kinachosukuma au kuvuta. Swali hili la mwisho ndilo linalouua ule mshale wa uongo, kwa sababu ukiulizwa ni kitu gani kinachousukuma mpira juu wakati mkono uko mita 10 chini yake, hutapata cha kukitaja.

Pili, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, ukiwa na kitabu mbele yako, na uwe mkali. Ukiona jibu ukajisemea “aa, hili nilikuwa nalijua”, lihesabu kuwa umekosa. Kulitambua jibu lililoandikwa si sawa na kulitoa kichwani. Uchungu wa zoezi uko hapa, na wengi hudokoa jibu kisha wakajipa vema.

Tatu, na hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, badilisha swali kiasi cha kuifanya sentensi uliyoikariri isifae. Karatasi tupu peke yake hupima kumbukumbu, na mtu hodari wa kukariri anaweza kuitapika video nzima bila kuielewa. Basi badala ya kurusha mpira wima, urushe kwa mshazari: kasi ya kwenda juu iwe mita 20 kwa sekunde kama mwanzo, na kasi ya kwenda mbele iwe mita 15 kwa sekunde. Mpira ukiwa juu kabisa, kasi yake ni ngapi, na kani ni ipi?

Aliyekariri kwamba juu kabisa kasi ni sifuri ataandika sifuri, nayo si kweli. Kani pekee iliyopo inavuta chini, hakuna kinachoigusa kasi ya kwenda mbele, kwa hiyo juu kabisa mpira unasafiri kwa mita 15 kwa sekunde kuelekea mbele, na kani ni ileile ya nyutoni 2 kwenda chini. Utachukua sekunde 2 kupanda na 2 kushuka, nao utatua mita 60 mbele ya pale uliporushwa. Aliyeelewa hapati shida, maana hajaongezewa kanuni mpya. Ameulizwa tu alichokwisha kukubali, kwa upande mwingine.

Kumweleza mwenzako ni kipimo kizuri pia, ila mwenzako awe anauliza “kwa nini” na asiishie kuitikia kwa kichwa. Na ukisoma peke yako, ujue mpaka wake: wazo potofu linaweza kusahihisha karatasi yake lenyewe na kujipa alama zote. Kinga yake ni kulifuata jibu lako hadi mwisho wake. Ukisema hakuna kani juu kabisa, jiulize mpira ungefanya nini katika sekunde inayofuata. Jibu likipingana na unachokiona kila mtoto anaporusha jiwe kwenye mwembe, umelipata kosa bila mwalimu.

Ukishalipata, usiirudie video nzima, ambayo itakula bando na kukurudishia ule ulaini uleule. Andika swali lako kwa maneno kamili, kwa mfano “ni nini kinachopunguza kasi wakati mpira unapanda, na je, kinaacha kufanya kazi ukifika juu?”, kisha andika jibu unalolitarajia. Peleka video kwenye dakika ile tu inayohusika, isimamishe kabla mwalimu hajajibu, linganisha jibu lako na lake, na baada ya wiki moja rudia ule mshazari, safari hii ukiibadili kasi ya kwenda mbele kuwa namba nyingine.